Njiti ya Kiberiti Haiijui Asali

Muuza asali wa stendi ana maonyesho yake. Anachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, anaikwangua, inawaka. Anadondosha tone kwenye glasi ya maji, linazama bila kutawanyika. Ukizidi kubisha, anaweka kidogo kwenye karatasi, na karatasi hailowi. Pesa zinatoka mifukoni.

Vipimo vyote hivyo vinapima kitu kimoja tu: maji. Shira ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo huzama vizuri kwenye glasi. Kwa upande mwingine, asali halisi iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba sega kwa nta huwa na maji mengi, kwa hiyo inaweza kufeli mtihani huo. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ndiyo inayoonewa zaidi, maana ni nyepesi na chachu kwa asili yake.

Mchakachuaji anayeijua kazi yake hakorogi sukari na maji akaishia hapo. Anaichemsha na limao. Ile tindikali huivunja sukari ikawa glukosi na fruktosi, sukari zilezile mbili zinazojaa kwenye asali, na shira haigandi upesi tena. Kisha anaongeza asali nyeusi ya miombo ili ipate rangi na harufu ya moshi, na anatumbukiza kipande cha sega, pengine na nyuki mfu. Sega ndani ya chupa linathibitisha jambo moja tu: muuzaji anajua pa kupata sega.

Kuna asali safi inayotupwa kwa sababu imeganda. Asali ikiwa na glukosi nyingi, huganda mapema. Ya alizeti, kama ile ya Singida, inaweza kuganda muda mfupi tu baada ya kuvunwa, wakati nyingine hukaa miezi mingi ikiwa majimaji. Chukua kidogo uweke ulimini. Chembe za asali aghalabu ni laini na huyeyuka. Za sukari iliyojitenga na shira huwa ngumu, zinasagika menoni, na mara nyingi zimetuama chini ya chupa. Ukitaka iyeyuke, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kuyavumilia, wala usiibandike jikoni.

Nyumbani, mimi naiamini zaidi mizani ya jikoni kuliko kiberiti. Pima chupa tupu. Ijaze maji mpaka alama fulani, pima tena, kisha ikaushe na ujaze asali mpaka alama ileile. Tuseme chupa ina gramu 30, na ikiwa na maji inasoma 530. Maji ni gramu 500, yaani nusu lita. Asali iliyokomaa, yenye maji asilimia 20 au chini ya hapo, huwa nzito kuliko maji mara 1.4 hivi, kwa hiyo mizani isome karibu 730 au zaidi kidogo. Shira ya vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji itasoma chini ya 700. Ila shira iliyopikwa ikawa nzito sana itapita hapa pia. Mizani inamkamata mwizi mvivu, si fundi.

Fundi hukamatwa maabara. Sukari ya miwa na ya mahindi ina alama yake kwenye kaboni, tofauti na nekta ya miti mingi, na mashine huisoma. Hata hivyo shira ya mchele huponyoka kipimo hicho, na gharama yake si ya mnunuzi wa chupa moja.

Ndiyo maana mwisho wa yote unamchunguza mtu. Mfugaji wa Tabora ukimuuliza amevuna lini, atakutajia mavuno makubwa ya katikati ya mwaka na yale madogo ya mwishoni. Atakwambia ni mizinga ya magogo au ya masanduku, na nyuki walikuwa kwenye miti gani. Muulize pia kama huwalisha sukari, na lini. Kuwalisha wakati wa njaa si kosa. Akiwalisha maua yanapochanua, sukari hiyo huishia kwenye masega, na asali itakuwa imetengenezwa na nyuki kweli lakini kwa sukari ya dukani.

Kwa asali ya dukani, tafuta alama ya TBS, au KEBS kwa Kenya, jina na mahali alipo mfungashaji, na namba ya toleo. Alama inaonyesha kuwa bidhaa ilikaguliwa. Haimaanishi kuwa chupa uliyoishika ndiyo iliyopimwa. Namba ya toleo ndiyo itakayokuwezesha kulalamika, kwa hiyo lebo iliyoandikwa "Asali Asilia" tu, bila anwani, irudishe rafuni.

Anza na nusu lita. Ukiridhika, msimu ujao agiza ndoo, na uipime mbele ya muuzaji: lita 20 za asali iliyokomaa ni kilo 28 hivi, bila ndoo yenyewe. Zikija 26, usilipe kabla hajakueleza kwa nini.