Tarehe Zinazokubalika Upesi

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ana jedwali la Excel lenye mikopo ya nusu mwaka. Anachotaka si kikubwa: aipange kuanzia wa zamani hadi wa juzi, kisha aongeze siku 90 kwa kila mkopo ili ajue nani anapaswa kumaliza lini. Anapanga, na mkopo wa mwisho kutolewa unapanda hadi karibu na kilele. Anajumlisha siku, na nusu ya safu inajaa `#VALUE!`.

Tazama mistari sita ya jedwali hilo, kama ilivyochapwa na watu watatu tofauti waliopokezana kazi. Namba ya kwanza ni ya hati ya malipo.

```
118   28/03/2023
119   03/04/2023
120   5.4.23
121   13/4/2023
122   2 Mei 2023
123   05/06/2023
```

Mtu akiisoma haoni tatizo lolote. Ni Machi, Aprili, Mei, Juni, na zote zimefuatana. Ila Excel haihifadhi tarehe kama maandishi. Huhifadhi hesabu ya siku, ambapo 1 ni tarehe 1 Januari 1900, na tarehe 3 Aprili 2023 ni 45019. Kuongeza siku 90 ni kuongeza 90 kwenye namba hiyo, na kupanga tarehe ni kupanga namba. Mtu anapochapa kitu kwenye seli, programu hukikagua kwanza: ikikitambua kuwa ni tarehe, inakigeuza kuwa namba papo hapo, isipokitambua, inakiacha kama maneno ya kawaida.

Hapo ndipo mpangilio wa kompyuta unapoingia. Kompyuta nyingi za Windows hufika mezani zikiwa na mpangilio wa `English (United States)`, na Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwa kompyuta ya aina hiyo, 28/03/2023 ni mwezi wa 28, ambao haupo, hivyo inabaki maneno. 13/4/2023 nayo ni hivyo hivyo. 5.4.23 ina nukta, na `Mei` si neno ambalo mpangilio huo unalijua. Zote nne zimekataliwa. Zilizokubaliwa ni mbili tu, 119 na 123, na zote mbili zimekosewa: ya kwanza imesomwa tarehe 4 Machi, ya pili tarehe 6 Mei.

Ukipanga jedwali, Excel hutanguliza namba na kuweka maneno nyuma. Kwa hiyo inakuja 119, kisha 123, halafu maneno kwa mfuatano wa herufi: 13/4/2023, 2 Mei 2023, 28/03/2023 na mwisho 5.4.23. Ndiyo sababu mkopo wa Juni umekaa wa pili na wa Machi umeporomoka chini.

Watu wengi wakifika hapa huanza kupambana na zile zilizogoma, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kosa. Mimi naona wanaanzia pasipo na hatari. Tarehe iliyobaki maneno bado inasema kile mwandishi alichokusudia, na haijapoteza kitu. Ya kuogopwa ni ile iliyokubaliwa bila ubishi. Mkopo wa hati 119 ulitolewa tarehe 3 Aprili, na siku zake 90 zinaisha tarehe 2 Julai. Kwa hesabu ya kompyuta zinaisha tarehe 2 Juni. Mwanachama huyo angeanza kutozwa faini mwezi mzima kabla ya muda wake, na hakuna alama yoyote nyekundu ambayo ingemshtua karani.

Zipo dalili. Usipogusa mpangilio wa seli, namba hukaa upande wa kulia na maneno upande wa kushoto, hivyo safu ya tarehe iliyochanganyika huonekana kama meno yenye mapengo. Sufuri za mbele nazo hutoweka: aliyechapa 03/04/2023 anaona 3/4/2023. Ukibadilisha muonekano wa safu nzima kuwa `General`, tarehe za kweli zitageuka namba za tarakimu tano na maneno yatabaki yalivyo. (Hili pia linaeleza kwa nini kubadilisha muonekano peke yake hakuponyi kitu. Muonekano ni vazi la namba, na maneno hayana namba ya kuvishwa.)

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya siku ya mwezi. Katika daftari la kawaida, zaidi ya nusu ya tarehe huangukia baada ya tarehe 12. Chuja zile zilizokubaliwa peke yake. Ukikuta hakuna hata moja inayovuka tarehe 12 ya mwezi wowote, umeshapata jibu: siku na mwezi vimebadilishana nafasi, na zote zenye siku ya 13 na kuendelea zimebaki kuwa maneno. Vilevile angalia tarehe ya mwisho kabisa kwa `=MAX(B:B)`. Daftari lililofungwa Juni likionyesha mkopo wa tarehe 2 Novemba, huo ni wa tarehe 11 Februari.

Sasa matengenezo. Safu B yenye tarehe za asili usiiguse hata kidogo. Kazi yote ifanyike safu ya C, ili ukikosea uwe na pa kurudi. Kwenye D weka fomula hii na uishushe hadi chini:

```
=ISNUMBER(B2)
```

Itajibu `TRUE` kwa zilizokubaliwa na `FALSE` kwa maneno. Panga jedwali zima kwa safu D ili makundi mawili yatengane. Namba za hati zitakurudishia mpangilio wa awali baadaye.

Kwa kundi la `TRUE`, zungusha siku na mwezi kwenye C:

```
=DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2))
```

Fanya hivyo pale tu dalili ya tarehe 12 ilipothibitika kwa kundi zima. Ukikuta baadhi ya namba zimevuka tarehe 12, basi sehemu ya jedwali ilichapwa kwenye kompyuta iliyopangwa vizuri, na ukizungusha zote utaharibu zilizokuwa sahihi. Hapo inabidi ujue nani alichapa kuanzia hati gani hadi gani, na kuzungusha kipande chake tu.

Kwa kundi la `FALSE`, kishawishi kikubwa ni kutumia `Find & Replace`, ubadilishe nukta kuwa mkwaju na ` Mei ` kuwa `/5/`. Usifanye. Kila seli inayobadilishwa kwa njia hiyo husomwa upya kana kwamba imechapwa sasa hivi. 5.4.23 ikishakuwa 5/4/23, kompyuta ile ile itaichukua na kuifanya tarehe 4 Mei. Utakuwa umetoa seli kwenye kundi salama na kuitia kwenye kundi la hatari, tena kwa mkono wako. Tumia fomula, kwa kuwa matokeo yake hubaki maneno:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," "),".","/")," Mei ","/5/"))
```

`CHAR(160)` ni nafasi isiyoonekana ambayo mara nyingi hunakiliwa pamoja na tarehe kutoka kurasa za mtandao. `TRIM` hufuta nafasi za pembeni. Ikiwa jedwali lina `Machi` au `Agosti`, ongeza `SUBSTITUTE` kwa kila jina la mwezi. Matokeo ya fomula yanakilishe na kuyabandika hapo hapo kama `Values`. Kisha chagua seli hizo za C peke yake, nenda `Data`, halafu `Text to Columns`. Chagua `Delimited`, ondoa alama zote za kutenganisha, na kwenye hatua ya tatu chagua `Date` na `DMY`. Hapo unaiambia Excel waziwazi kwamba siku inatangulia, na inakutii bila kujali mpangilio wa kompyuta.

Njia hii ina faida moja ambayo `DATE` haina. Karani akichapa kimakosa 31/4/2023, Aprili haina siku 31, na seli itabaki maneno ili uione. Ukiijenga tarehe hiyo hiyo kwa `DATE(2023,4,31)`, Excel haitalalamika. Itasogeza mbele na kukupa tarehe 1 Mei.

Mwaka wa tarakimu mbili una shida yake. Kwa mikopo ya juzi, 23 ni 2023 bila utata. Kwenye safu ya tarehe za kuzaliwa, mwanachama mzee wa mwaka 1928 aliyeandikwa 4/7/28 atasomwa kuwa wa 2028, na umri wake utatoka hasi. Safu za namna hiyo zinahitaji mwaka uandikwe kamili kabla ya kugeuza chochote.

C ikishajaa, ipe muonekano wa `yyyy-mm-dd`: mwaka, mwezi, siku. Ndio utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na hakuna nchi inayousoma kinyume. Una uzuri mwingine: hata faili likihamishiwa programu inayoona tarehe kama maneno matupu, kuzipanga kwa herufi bado kunatoa mfuatano sahihi wa siku.

Rudisha mpangilio wa namba za hati na ujaribu kazi yako. Hati hutolewa kwa kufuatana, kwa hiyo tarehe haipaswi kurudi nyuma. Kwenye E, kuanzia mstari wa pili wa mikopo:

```
=C3<C2
```

Kila `TRUE` ni swali. Kama ungetengeneza kundi la `FALSE` peke yake, hati 119 ingenaswa hapa mara moja, kwa kuwa tarehe 4 Machi iko nyuma ya tarehe 28 Machi ya hati 118. Hati 123 isingenaswa. Tarehe 6 Mei inakaa vizuri kabisa baada ya tarehe 2 Mei ya hati 122, na kipimo cha mfuatano kingeipitisha huku ikiwa imekosewa kwa siku 30. Mwanachama wake angetakiwa kumaliza tarehe 4 Agosti badala ya tarehe 3 Septemba.

Seli za namna hiyo, zenye siku na mwezi visivyozidi 12 na majirani wasiozipinga, fomula haiwezi kuziamua ikiwa hujui zilichapwa kwenye kompyuta ipi. Ziache tupu kwenye C, zipake rangi, na ufungue daftari la karatasi au nakala ya hati yenyewe. Wakati huo huo nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya `Region`, uweke `English (United Kingdom)` au Kiswahili, ili kinachochapwa kuanzia kesho kianze na siku. Zilizokwisha kuhifadhiwa hazitabadilika thamani kwa kufanya hivyo, ingawa nyingi zitaonekana kwa sura mpya: tarehe 4 Machi iliyokuwa ikionekana 3/4/2023 sasa itaonekana 04/03/2023, na mtu asiyejua atadhani kuna aliyelichezea jedwali.