Wizi wa Dhaka na namba T1565.001

Mapema Februari 2016, wezi waliokuwa wamejipenyeza kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya malipo kupitia mtandao wa SWIFT. Waliitaka Benki ya Akiba ya Shirikisho ya New York itoe karibu dola milioni 951 kutoka akaunti ya Bangladesh. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilirudi, kwa kuwa jina la mpokeaji lilikosewa na kuandikwa "fandation", na mtu akashtuka. Dola milioni 81 zilifika benki moja mjini Manila, na nyingi zikaishia kwenye kasino. Kule Dhaka, printa ambayo kwa kawaida hutoa karatasi za miamala usiku na mchana ilikuwa imenyamaza.

Aprili mwaka huohuo, wachambuzi wa kampuni ya BAE Systems walitoa uchambuzi wa programu hasidi waliyoamini ilitumika katika wizi huo. Ukiusoma utakuta amri za hifadhidata, majina ya mafaili, na baiti zilizobadilishwa. Kwa fundi ni karamu. Lakini mkuu wa usalama wa benki nyingine, aliye na dakika kumi kabla ya kikao, anataka kujua jambo moja: hawa watu walifanya nini, na mimi ningewaona? Anayemwandikia jibu ni mchambuzi wa taarifa za vitisho, na kifaa chake kikuu siku hizi ni jedwali liitwalo MITRE ATT&CK.

Jedwali hilo lilianzishwa na shirika la Marekani la MITRE mwaka 2013 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2015. Safu zake zinazosimama wima ni malengo ya mvamizi: kuingia, kubaki ndani, kujificha, kuwasiliana na kituo chake cha nje, kuleta madhara, na mengineyo. Chini ya kila lengo zimepangwa mbinu za kulifikia, na kila mbinu ina namba inayoanza na herufi T. Baadhi zina matawi, ambayo namba zake hufuatiwa na nukta. Faida yake ni kwamba mchambuzi wa Nairobi na mwenzake wa Tokyo wakitaja namba moja, wanazungumzia kitendo kimoja. Hasara yake ni kwamba namba huonekana ya uhakika hata pale aliyeiweka alikuwa anabahatisha.

Kazi haianzi kwenye jedwali. Inaanza kwa kuandika sentensi moja ya kawaida inayosema nani alifanya nini kwa kitu gani, bila istilahi. Tuchukue amri mbili zilizokutwa ndani ya programu ile ya Dhaka, ambamo alama ya %s ni nafasi inayojazwa wakati programu inaendeshwa:

```
DELETE FROM SAAOWNER.MESG_%s WHERE MESG_S_UMID = '%s';
DELETE FROM SAAOWNER.TEXT_%s WHERE TEXT_S_UMID = '%s';
```

Sentensi yake ni hii: programu ilifuta kumbukumbu za ujumbe mahususi wa malipo kutoka hifadhidata ya mfumo wa SWIFT wa benki. Mchambuzi mwenye haraka ataona neno DELETE na kukimbilia T1485, mbinu ya kuharibu data. Mwingine atasema huku ni kufuta nyayo, aandike T1070. Wote wawili wameangalia kitendo wakasahau kuuliza kilifanywa kwa ajili gani.

T1485 inamhusu mvamizi anayetaka data isipatikane tena, kazi ya mwathirika isimame. Wezi wa Dhaka walitaka kinyume chake, yaani benki iendelee na kazi yake kama kawaida, ila isione miamala michache. T1070 iko karibu zaidi, lakini inahusu alama ambazo mvamizi huziacha kwenye mfumo anapopita, kama vile kumbukumbu za matukio ya kompyuta. Kilichofutwa hapa ni kumbukumbu za biashara zenyewe, zile ambazo karani huzitazama ili kujua fedha zimekwenda wapi. Na amri za kufuta hazikuwa peke yake, kwani programu hiyohiyo ilikuwa na amri ya kubadilisha kiasi cha fedha kilichoandikwa. Ukiziweka pamoja, unaona mtu anayechezea ukweli uliohifadhiwa ili wasomaji wake wadanganyike. Hiyo ni T1565.001, kuchezea data iliyohifadhiwa, na maelezo yake kwenye jedwali yanataja waziwazi kuingiza, kufuta au kubadilisha data ili kuficha shughuli.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Anayesoma T1485 atakwenda kukagua nakala zake za akiba. Anayesoma T1565.001 atajiuliza kama ana njia ya kulinganisha hifadhidata yake na taarifa ya benki ya upande wa pili, njia ambayo haipiti kwenye kompyuta ileile inayotiliwa shaka. Swali la pili ndilo lililoihusu Dhaka.

Printa nayo ina namba yake. Programu ilinasa ujumbe wa uthibitisho uliokuwa unakwenda kuchapishwa na kutuma nakala zilizochezewa. Data haikuwa imetulia kwenye hifadhidata, ilikuwa njiani, kwa hiyo tawi linahama: T1565.002. Mtu anaweza kuona ni kuchambua unywele, lakini ulinzi wa hifadhidata na ulinzi wa foleni ya printa ni kazi za watu wawili tofauti.

Kuna kipande kingine kidogo ambacho hupenda kuwachanganya wanagenzi. Programu ilikuwa inachungulia kama kuna mtu ameingia kwenye mfumo wa SWIFT au ametoka, kisha inatuma hali hiyo kwa seva ya nje kupitia HTTP, ikitumia alama fupi: `---O` mtu akiingia, `---C` akitoka, `---N` pasipo tukio. Kwa kuwa taarifa imetoka nje ya benki, kidole kinavutwa kwenye safu ya kuiba data. Lakini herufi ile si mali iliyoibwa. Ni mawasiliano ya mvamizi na kituo chake, na kwa kuwa yalipita kwenye HTTP, namba yake ni T1071.001.

Sasa tufike mahali pagumu. Ili iweze kuendesha amri zake, programu ilitafuta kila mchakato uliopakia faili la `liboradb.dll`, na ndani ya kumbukumbu ya mchakato huo ikabadilisha baiti mbili tu: `75 04` zikawa `90 90`. Baiti za kwanza zilimaanisha "ruka uende kwenye kushindwa iwapo ukaguzi haukupita", na mpya humaanisha "usifanye kitu". Ukaguzi ukawa unapita daima.

Namba gani hapo? Wapo watakaoandika T1055, mbinu ya kupenyeza msimbo ndani ya mchakato mwingine, kwa kuwa kweli kumbukumbu ya mchakato mwingine iliguswa. Lakini T1055 inahusu kuendesha msimbo wako ukijificha ndani ya mchakato wa mwenzako, na hapa hakuna msimbo mpya ulioendeshwa, ni kizuizi kilichong'olewa. Kwa maoni yangu, heri kuiacha sentensi bila namba, na kueleza kwa maneno kwamba ukaguzi wa programu ulizimwa kwenye kumbukumbu. Jedwali halidai kwamba limemaliza kila kitu duniani, na msomaji hapotezi chochote kwa kukosa namba. Hupoteza sana akipewa ya uongo.

Vivyo hivyo kuhusu mlango wa kuingilia. Aprili 2016 uchambuzi ule ulihusu programu ya mwisho, ile ya kuficha wizi. Haukuonyesha wezi waliingiaje. Kila mtu wa fani hii angekisia barua pepe za hadaa, na angepata. Lakini kukisia na kupata bado ni kukisia. Ushahidi ulikuja hadharani Septemba 2018, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipofungua mashtaka dhidi ya raia wa Korea Kaskazini, Park Jin Hyok. Hati hiyo ilieleza barua pepe zilizotumwa kwa wafanyakazi wa benki mapema 2015, mwandishi akijifanya anatafuta kazi na kuwaelekeza kwenye kiungo cha kupakua wasifu wake.

Ni kiungo, si faili lililoambatishwa. Aliyekisia mwaka 2016 pengine angeandika T1566.001, barua yenye kiambatisho, ilhali hati inaonyesha T1566.002. Na benki iliyofuata kisio hilo ingekaza kichujio cha viambatisho, kiungo kikapita salama.

Jambo moja zaidi la kiufundi, halafu tumalize. Jedwali lenyewe hubadilika. Wakati wa wizi wa Dhaka safu ya madhara haikuwepo, iliongezwa mwaka 2019. Kuchezea data iliyohifadhiwa kulikuwa na namba T1492 kabla matawi hayajaletwa mwaka 2020. Wizi wa fedha wenyewe ulipata namba yake, T1657, mwaka 2023. Taarifa isiyotaja toleo la jedwali lililotumika itamsumbua atakayeifungua baada ya miaka mitatu.

Na namba hazimtaji mwizi. Barua ya hadaa na mawasiliano ya HTTP hutumiwa na magenge yasiyohesabika, hivyo orodha mbili zinazofanana si ushahidi kwamba mkono ni mmoja. Kilichounganisha programu ya Dhaka na shambulio la Sony Pictures la 2014 ni msimbo uleule wa kufuta mafaili uliokutwa katika programu zote mbili, jambo ambalo halina kisanduku kwenye jedwali lolote.

Aya iliyokamilika ya kesi hii, kwa mkuu wetu mwenye dakika kumi, ingesomeka hivi: "Programu ilifuta na kubadilisha kumbukumbu za malipo kwenye hifadhidata ya SWIFT (T1565.001, imeonekana kwenye msimbo). Ilichezea uthibitisho uliokuwa unakwenda kwa printa (T1565.002, imeonekana kwenye msimbo). Ilituma hali ya watumiaji kwa seva ya nje kupitia HTTP (T1071.001, imeonekana kwenye msimbo). Ilizima ukaguzi wa ndani kwa kubadilisha baiti mbili kwenye kumbukumbu (bila namba). Wavamizi walituma barua pepe zenye kiungo mapema 2015 (T1566.002, chanzo ni hati ya mashtaka ya 2018)."

Ukiletewa taarifa ya aina hii kazini, funika namba kwa mkono usome sentensi zilizobaki. Kama hakuna sentensi, irudishe kwa aliyeiandika.