Ikisiri Ndefu katika Slaidi Tatu

Ikisiri, yaani muhtasari ambao mtafiti huupeleka kwa waandaaji wa kongamano, huandikwa kwa ajili ya msomaji anayeweza kuirudia sentensi iliyomponyoka, ilhali msikilizaji wa wasilisho la dakika tano hana nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, kupunguza kila sehemu ya ikisiri kidogo kidogo hakufai. Inampasa mtafiti achague tokeo moja na kuyaacha mengine, hata yale yaliyomgharimu kazi kubwa.

Mfano mzuri ni utafiti wa vinasaba vya Waswahili wa kale uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023. Ikisiri yake inataja mabaki ya watu 80, miji kadhaa ya pwani na mmoja wa bara, kuanza kwa mchanganyiko wa Waafrika na Waasia yapata mwaka 1000, asili ya Uajemi na India, na kuongezeka kwa asili ya Uarabuni baada ya mwaka 1500. Kila jambo kati ya hayo lingeweza kujaza dakika tano, lakini lililo rahisi zaidi kuonyeshwa kwa picha ni tokeo jingine la ikisiri hiyo: upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na asili ya Kiasia iliingia hasa kupitia wanaume.

Slaidi ya kwanza, basi, iwe na ramani ya pwani na swali moja tu: wazazi wa watu hawa walitoka wapi? Ya pili, ambayo ndiyo moyo wa wasilisho na inastahili takribani nusu ya muda wote, iweke bega kwa bega michoro miwili, mmoja wa vinasaba ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake, na mwingine wa kromosomu Y, ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba. Maana ya michoro hiyo hutamkwa, haiandikwi, kwa kuwa hadhira inayosoma aya ukutani huacha kumsikiliza msemaji. Ya tatu itoe dai kwa sentensi moja pamoja na mpaka wake: makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wa tabaka la juu, hivyo matokeo hayawezi kubebeshwa wakazi wote wa pwani.

Mwendo uwe wa maneno 100 kwa dakika, maana neno moja la Kiswahili, kama "waliwazika", hubeba mtenda, wakati na mtendwa; hivyo matini isizidi maneno 450, ili ibaki nafasi ya kutua. Mazoezi yafanyike kwa sauti, saa ikiwa mezani. Muda ukizidi, iondolewe sentensi ya utangulizi au ya mbinu, wala mwendo usiharakishwe. Ile sentensi ya mpaka isiguswe kamwe, kwani bila hiyo dai huwa kubwa kuliko ushahidi wake.