Joto la Vifaranga Huishia Wapi Usiku? Hesabu ya Bati, Ukuta na Wati

Mfugaji wa kuku katika Kata ya Kasansa anayepokea vifaranga wa siku moja mwezi Juni au Julai huwa na adui asiyeonekana kwa macho: baridi ya alfajiri. Kifaranga katika juma lake la kwanza huhitaji joto la takriban nyuzi 32 hadi 34 usawa wa mgongo wake, kwa kuwa manyoya yake bado hayawezi kumkinga na mwili wake haujamudu kujitunzia joto. Joto hilo hupunguzwa nyuzi mbili au tatu kila juma hadi kufikia takriban nyuzi 21. Mfugaji wengi hununua kifaa cha kupashia joto kwa kukisia, kisha hushangaa kuona uniti za umeme zimekwisha na vifaranga wangali wamelaliana pembeni. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata jibu kwa hesabu kabla ya kutoa fedha.

Kanuni yenyewe ni moja. Chumba hakihitaji joto jipya ila kwa kiasi kile kinachopotea. Mtungi unaovuja hubaki umejaa iwapo tu maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Chumba nacho ni hivyo hivyo. Kiasi kinachopotea hutegemea mambo matatu: ukubwa wa eneo la paa na kuta, wepesi wa vitu hivyo kupitisha joto, na tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Mambo hayo matatu yakizidishwa pamoja, jibu hupatikana kwa wati.

Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kuta za matofali ya kuchoma za kimo cha mita 2.4, kilichoezekwa kwa bati na kisicho na dari. Tuseme nje alfajiri ni nyuzi 15, na ndani panatakiwa nyuzi 32. Tofauti ni nyuzi 17.

Bati tupu hupitisha takriban wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila tofauti ya nyuzi moja. Paa la chumba hiki, kwa kuwa limeinama, lina takriban mita za mraba 10. Hivyo hupoteza wati 70 kwa kila nyuzi. Ukuta wa tofali lenye unene wa takriban sentimita 15 hupitisha kiasi cha wati 3. Kuta nne, mlango na dirisha vikihesabiwa pamoja, zina mita za mraba 29 na hupoteza wati 87. Hewa inayopenya chini ya mlango na kwenye nyufa huchukua wati 14 nyingine. Jumla ni wati 171 kwa kila nyuzi. Zikizidishwa kwa 17, jibu ni takriban wati 2,900.

Huo ni mzigo mkubwa. Ukiwashwa saa 12 hula karibu uniti 35. Aidha, kwa umeme wa volti 230, mkondo wake hukaribia ampea 13, ambao waya mwembamba wa kuunganishia huweza kushindwa kuubeba, ukapata moto hadi kuyeyuka.

Paa limechukua sehemu kubwa ya hasara kuliko ukubwa wake, kwa sababu bati ni jembamba na chuma hupitisha joto upesi. Katika usiku usio na mawingu hali huwa mbaya zaidi, maana bati hutoa joto lake kuelekea anga tupu hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo sababu umande huonekana juu ya bati alfajiri.

Pumba za mpunga darini

Dawa ya paa iko karibu na mashine za kukoboa mpunga. Pumba kavu zimejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Dari ya mbao nyembamba au jamvi lililofungwa imara, likiwekewa juu yake pumba za kimo cha sentimita 10 ndani ya viroba, hushusha upotevu wa paa kutoka wati 70 hadi takriban wati 5 kwa kila nyuzi. Hesabu ya chumba kizima hushuka hadi wati 106 kwa nyuzi, yaani takriban wati 1,800. Pumba zilizolowa hazifai, kwa kuwa maji huchukua nafasi ya hewa. Bati linalovuja lizibwe kwanza. Viroba vikaguliwe pia dhidi ya mchwa na panya, navyo viwe mbali na nyaya za umeme.

Kupasha nafasi ndogo

Hata hivyo, swali la msingi ni iwapo chumba kizima kinahitaji joto hilo. Vifaranga 100 katika juma la kwanza hutosha katika mita 2 za mraba. Boksi la mbao nyembamba la mita 2 kwa mita 1, kimo cha sentimita 75, lenye mfuniko, lina mita za mraba 6.5 za pande na mfuniko. Ubao huo hupitisha wati 3 kwa mita ya mraba, hivyo hupotea wati 20 hivi kwa kila nyuzi, na wati 5 zaidi kwa hewa safi inayopita kwenye matundu. Kwa tofauti ya nyuzi 17, jibu ni wati 425. Balbu tano za wati 100 za aina ya zamani, zile zenye waya unaowaka, zinatosha na kuzidi kidogo, na hata ikiungua moja boksi halipoi ghafla. Kwa saa 12, wati 425 hula takriban uniti 5. Balbu za kuokoa umeme hazifai kazi hii, kwa kuwa wati zake ni chache mno na hivyo joto lake ni dogo. Balbu ining'inizwe kwa mnyororo, isiguse ubao wala maranda.

Matundu ya hewa yasizibwe kwa tamaa ya kuhifadhi joto. Vifaranga hupumua, na unyevu wao pamoja na harufu ya kinyesi lazima vitoke. Anayetumia jiko la mkaa asilifungie chumbani, wala asilale humo: mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu na kuku pia. Umeme ukikatika, dumu la lita 20 la maji ya nyuzi 70, likizungushiwa gunia, husaidia kupunguza baridi ndani ya boksi hilo kwa muda.

Hesabu hupimwa na vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya balbu wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembezoni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakiegemea upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika sawasawa, wengine wakila na wengine wakilala, joto linatosha. Kipimajoto kiwekwe usawa wa migongo yao, na kisomwe alfajiri, wakati baridi inapofikia kilele.