Kisanduku Kilichopungua

Ghala A lina magunia 20, B 30; duka la kwanza linataka 20, la pili 30. Nauli ya gunia kutoka A ni shilingi 4 na 6, kutoka B 3 na 7. A ikilisha duka la kwanza na B la pili, gharama ni 290, lakini visanduku vilivyojaa ni viwili. Vinahitajika vitatu: maghala jumlisha maduka, toa moja. Bila cha tatu, ubora wa mpango haupimiki.

Weka epsiloni, kiasi kidogo mno, katika kisanduku kitupu kisichofunga mzunguko. Hapa B hadi duka la kwanza. Sasa kipimo cha A hadi la pili kinatoka hasi 2. Hamishia huko magunia 20, ukisawazisha vingine: gharama inashuka hadi 250.