Kosa Linapungua, Lakini kwa Kasi Gani?

Programu inayokokotoa joto, mtiririko wa maji au mtikiso wa jengo haiwezi kukokotoa kila mahali. Hukikata kitu kinachochunguzwa katika vipande, ikatafuta jibu kwenye nukta zilizo kwenye mipaka ya vipande hivyo, na kuacha zilizo katikati. Mpangilio huo wa nukta ndio gridi. Anayetaka kuikagua programu yake huanza kwa jambo rahisi: anaongeza nukta, kisha anatazama kama jibu linasogea karibu na lile sahihi. Likisogea, wengi huridhika na kuendelea na kazi. Huo ni ukaguzi nusu, kwani programu yenye dosari nayo mara nyingi husogea kwenye jibu sahihi. Tofauti ni kwamba huchelewa njiani, na kuchelewa huko kunapimika.

Tuchukue fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 1. Ncha ya kushoto imeshikizwa kwenye barafu, hivyo halijoto yake ni sifuri muda wote. Ncha ya kulia imefungwa kihami ili joto lisitoke wala lisiingie. Ndani ya fimbo joto linazalishwa, na tunataka kujua halijoto ya kila sehemu baada ya hali kutulia.

Ili kuipima programu tunahitaji jibu tunalolijua kwa uhakika, na njia nzuri ni kulichagua jibu kwanza, kisha kurudi nyuma kutafuta swali lake. Nimechagua halijoto ifuate `u(x) = sin(πx/2)`. Inaanzia sifuri upande wa barafu, inapanda, na inafika 1 ikiwa imelala tambarare kwenye kihami, kama inavyotakiwa. Hesabu ya kurudi nyuma inatuambia kwamba, kwa vipimo vilivyorahisishwa, joto linalopaswa kuzalishwa kila mahali ni `f(x) = (π²/4)·sin(πx/2)`. Programu tunaipa hilo `f` pekee. Jibu tunalificha, tuje kulilinganisha na lake.

Ndani ya programu, kila nukta inafungwa na majirani zake wawili kwa mlinganyo huu, ambapo `h` ni umbali kati ya nukta na nukta:

```
(-u[j-1] + 2*u[j] - u[j+1]) / h**2 = f[j]
```

Nadharia ya njia hii inajulikana vizuri: kosa hupungua sawasawa na `h` kipeo cha pili. Ukiipunguza `h` kwa nusu, kosa linabaki robo. Wenye fani husema njia ni ya daraja la 2. Hiyo ndiyo ahadi, na programu iliyoandikwa sawasawa lazima iitimize.

Sasa mwandishi wa programu anafika kwenye ncha ya kulia. Joto halipiti, kwa hiyo halijoto ya nukta ya mwisho inapaswa kulingana na ya jirani yake. Anaandika mstari mmoja unaoonekana hauna ubaya wowote:

```
u[N] = u[N-1]
```

Anaiendesha programu kwa vipande 10, 20, 40 na 80. Kosa kubwa kabisa kwenye fimbo linakuwa 0.1213, kisha 0.0612, kisha 0.0307, kisha 0.0154. Linashuka kila mara. Kwenye vipande 80, mchoro wa jibu la programu karibu unaufunika mchoro wa jibu la kweli, na ukiutazama kwa macho tu huoni kasoro.

Hapa ndipo logi zinapohitajika. Tunachukulia kwamba kosa ni takriban `C·h^p`, ambapo `p` ni daraja tunalolitafuta na `C` ni namba tusiyoijua. Tukiligawa kosa la gridi moja kwa kosa la gridi iliyo laini zaidi, `C` inajifuta yenyewe, na kinachobaki ni uwiano wa `h` mbili uliopandishwa kwa kipeo `p`. Logi ndiyo inayokiteremsha kipeo hicho tukisome:

```
p = log(E1/E2) / log(h1/h2)
```

Logi ya msingi wowote inafaa, maana juu na chini ni msingi uleule. Mistari michache inatosha kwa kazi nzima:

```python
from math import log
makosa = [0.121311, 0.061171, 0.030714, 0.015389]
for a, b in zip(makosa, makosa[1:]):
    print(round(log(a/b) / log(2), 2))
```

Skrini inaonyesha 0.99, 0.99 na 1.0. Tulitarajia 2. Kosa linapungua kwa nusu badala ya robo, na hali hiyo haibadiliki tukiendelea kulainisha gridi. Programu ina dosari.

Lakini iko wapi? Kabla ya kuanza kusoma mistari yote ya programu, chora kosa lenyewe kando ya fimbo. Kwa mfano wetu utaona karibu mstari ulionyooka, unaoanzia sifuri kwenye barafu na kukua hadi kwenye kihami. Jibu la programu liko chini ya la kweli kila mahali, kama vile kuna joto lililopotea huko mwisho. Na kweli limepotea. Kusema kwamba nukta mbili za mwisho zina halijoto sawa ni kukiweka kihami katikati ya kipande cha mwisho, nusu ya `h` kabla ya ncha halisi. Joto linalozalishwa katika nusu hiyo ya kipande halihesabiwi kabisa. Ukikokotoa, kiasi chake ni takriban `π²h/8`, na kwa vipande 10 hiyo ni 0.1234, karibu sawa na kosa tuliloliona. Nusu kipande hupungua sambamba na `h`, ndiyo maana daraja likaporomoka hadi 1. Mstari mmoja wa mpakani umeiharibu fimbo nzima, kwa sababu kila nukta inategemea jirani yake, na jirani naye wake.

Tiba ni kubuni nukta moja nje ya ncha, kuipa halijoto ya `u[N-1]`, kisha kuutumia mlinganyo uleule wa ndani kwenye nukta ya mwisho. Makosa sasa yanakuwa 0.002059, 0.000514, 0.0001285 na 0.0000321. Madaraja yote yanasomeka 2.00. Tazama pia ukubwa wake: programu iliyorekebishwa ikiwa na vipande 10 tu inaishinda ile yenye dosari ikiwa na vipande 80.

Kipimo hiki kina mtego ambao ningependa kila mwandishi wa programu za namna hii aujue. Tuseme jibu la majaribio lingekuwa `1 - (1-x)^3`. Nalo linaanzia sifuri na kulala tambarare kwenye kihami, na yeyote angeweza kulichagua. Ukiiendesha ile programu mbovu kwa jibu hili, makosa ni 0.01, 0.0025, 0.000625, yaani daraja la 2 kamili, na dosari inapita salama. Sababu ni kwamba katika swali hili joto linalozalishwa ni `6(1-x)`, ambalo ni sifuri pale kwenye ncha. Kile kinusu kilichosahauliwa hakikuwa na joto la kupoteza. Jibu la majaribio huchaguliwa ili kila kipande cha programu kilazimike kufanya kazi, na mipakani hasa, ambako dosari nyingi hujificha. Rahisi kupita kiasi pia ni tatizo. Jibu kama `2x - x^2` programu sahihi hulipata bila kosa lolote isipokuwa masalia ya ukadiriaji wa desimali, na logi ya uwiano wa masalia ni namba isiyo na maana.

Kuna na makosa ya kukokotoa `p` kwenyewe. Gridi za vitu vyenye urefu, upana na kina ni ghali: ukigawa `h` kwa 2, idadi ya vipande inazidishwa kwa 8. Kwa hiyo watu hugawa kwa 1.5, kisha wanasahau kubadili kigawanyo cha fomula. Programu sahihi ya daraja la 2 itapunguza kosa mara 2.25, na `log(2.25)/log(2)` ni 1.17. Mtu anahangaika siku nzima kutafuta dosari isiyokuwapo. Vivyo hivyo, nukta 10 zina vipande 9, na nukta 20 zina vipande 19. Ukidhani umegawa kwa 2 kumbe ni kwa 2.11, utasoma daraja la 2.16 na kujipongeza bure.

Ukiendelea kulainisha, daraja linaweza kuanza kuyumba hata kama programu ni nzima. Mara nyingi chanzo ni kwamba milinganyo inatatuliwa kwa kurudiarudia, na urudiaji umeamriwa usimame mapema. Kosa lililoachwa hapo halijali `h`, hivyo makosa yanaganda na `p` inateremka kuelekea sifuri. Kaza kiwango cha kusimama, urudie. Likiganda tena mahali pa chini sana, huenda umefika kwenye ukomo wa desimali za kompyuta. Upande wa pili, gridi nene mno nazo hutoa madaraja ya ajabu, kwa sababu `C·h^p` ni makadirio yanayoshika `h` ikiwa ndogo vya kutosha. Gridi mbili hutoa namba moja, na namba moja haiwezi kukuonyesha kama madaraja yametulia. Kwa hiyo tumia gridi nne ukiweza.

Na kama jibu la kweli halijulikani? Tunachukua majibu ya gridi tatu mahali pamoja na kulinganisha hatua zake. Programu yetu mbovu iliipa ncha ya kulia halijoto 0.8787, kisha 0.9388, kisha 0.9693. Hatua ya kwanza ni 0.0601 na ya pili 0.0305. Logi ya uwiano wake kwa logi ya 2 ni 0.98, na dosari imefichuka bila kulitazama jibu la kweli. Lewis Fry Richardson alijua manufaa ya kuifahamu kasi hii. Katika kazi yake ya 1911 kuhusu mikazo ndani ya ukuta wa bwawa la mawe, alionyesha jinsi majibu ya gridi mbili nene yanavyoweza kuunganishwa kupata jibu bora kuliko yote mawili, mradi daraja linajulikana.

Njia ya gridi tatu lakini hupima tu kama majibu yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Mwandishi akikosea akaandika `f` nusu ya inavyopaswa, programu itasogea kwa daraja la 2 safi hadi nusu ya halijoto ya kweli. Kosa dhidi ya jibu lililochaguliwa lingeganda karibu na 0.5 na daraja kusoma sifuri tangu gridi za mwanzo, ilhali gridi tatu zingeendelea kuonyesha 2.00.