Irisi Ndani, Mng'ao Nje: Jicho la Mhusika Kamera Inaposogea

Mhusika wa filamu ya kompyuta akiwa mbali, jicho lake laweza kuwa mpira mweupe uliochorwa duara la rangi, na mtazamaji asione kasoro yoyote. Kamera ikisogea hadi uso ukajaa skrini nzima, duara lile linageuka kibandiko. Filamu ya The Polar Express ilipotoka mwaka 2004, wahakiki wengi walilalamika kwamba macho ya wahusika wake yalikuwa kama ya maiti, na tangu hapo mafundi wa picha za kompyuta wamelishughulikia jicho kama kazi inayojitegemea, yenye programu yake. Programu hiyo wanaiita sheda: maelekezo mafupi yanayoiambia kompyuta, kwa kila nukta ya picha, nuru ifanye nini inapokutana na kitu.

Sababu kubwa ya jicho kuonekana limekufa ni kwamba rangi na mng'ao vimewekwa juu ya ganda moja. Jicho la binadamu halikuumbwa hivyo. Tufe la jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, lakini mbele yake limetuna: konea, ile ngozi angavu kama kioo, imepinda zaidi kuliko tufe lenyewe. Irisi, yenye upana wa karibu milimita 12 na ambayo ndiyo tunayoiita rangi ya macho, iko nyuma ya konea, kiasi cha milimita 3 kutoka kilele chake. Katikati yake ni mboni, ambayo ni tundu tu. Na nafasi kati ya konea na irisi imejaa maji maangavu. Kwa hiyo tunapomtazama mtu machoni tunaona vitu viwili kwa pamoja: mng'ao unaokaa nje, juu ya konea, na rangi inayokaa ndani, chini ya maji. Kichwa kikigeuka kidogo, viwili hivyo havisogei sawa, na ubongo wetu umezoea mno kuiona tofauti hiyo.

Maji hayo hupinda nuru, kama sarafu iliyo chini ya beseni inavyoonekana imepanda juu kuliko ilivyo. Konea ina kipimo cha kupinda nuru cha 1.376, na maji yaliyo nyuma yake 1.336. Mafundi wengi hutumia 1.336 peke yake, nami naona wako sahihi. Unene wa konea haubadiliki sana kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo pande zake mbili zinakaribia kwenda sambamba, na mwelekeo wa mwisho wa mwale huamuliwa zaidi na yale maji.

Tupige hesabu moja. Kamera imesimama upande wa kulia, nyuzi 40 kutoka mbele ya jicho, na mwale wake unagonga kilele cha konea. Kama jicho limechorwa juu ya ganda, kamera inaona katikati ya irisi palepale mwale ulipogonga. Kama irisi imewekwa milimita 3 ndani lakini nuru haipindi, mwale utaifikia milimita 2.5 kushoto kwa katikati. Nuru ikipinda inavyopaswa, nyuzi 40 zinapungua kuwa karibu 29, na mwale unatua milimita 1.65 kushoto. Jicho la kweli liko kati ya ganda tupu na shimo tupu. Ukiweka kina bila kupinda nuru, irisi inazama mno, na mhusika anaonekana kama anayechungulia kupitia bomba.

Kwenye sheda, hesabu hiyo ni mistari mitatu:

```glsl
vec3 r = refract(-V, N, 1.0 / 1.336);
float t = (P.z - irisZ) / -r.z;
vec2 uv = (P.xy + r.xy * t) / irisRadius * 0.5 + 0.5;
```

`P` ni nukta iliyo juu ya konea, `N` ni mwelekeo ambao uso wa konea unatazama hapo, na `V` ni mwelekeo wa kwenda kwenye kamera. Mstari wa kwanza unaupinda mwale. Wa pili unauliza mwale utembee umbali gani hadi ulifikie bapa la irisi. Wa tatu unatoa mahali pa kuchukua rangi kwenye picha ya irisi. Vipimo vyote vichukuliwe kwa kulifuata jicho lenyewe, huku `z` ikitazama mbele ya mboni. Hapo ndipo wengi huteleza. Fundi akitumia vipimo vya chumba badala ya vya jicho, irisi itakaa vizuri mhusika anapotazama mbele, kisha itaanza kuogelea mara tu anapogeuza macho.

Kipimo cha kujua kama kazi imefanyika sawasawa ni rahisi. Lifunge jicho lisigeuke, kisha izungushe kamera polepole kuelekea kulia. Mboni iegemee kulia ukilinganisha na kilele cha konea, kwa sababu kilicho nyuma daima hubaki upande ambao mtazamaji ameelekea. Ikiegemea kushoto, alama ya kujumlisha na ya kutoa zimebadilishana mahali, na irisi imetokeza nje kama kifungo.

Kuna jambo la pili linalofanywa na konea ambalo wachoraji wa picha za watu walilijua zamani. Konea hukusanya nuru kama lenzi. Taa ikiwa juu kushoto, kinundu cheupe cha mng'ao hukaa juu kushoto, lakini irisi yenyewe hung'aa zaidi chini kulia, upande wa pili kabisa. Sheda inayotumia mwelekeo wa uso wa konea kuiangazia irisi itaangaza upande ulio karibu na taa, na jicho litageuka goroli. Dawa yake ni kuipa irisi mwelekeo wake wenyewe wa uso, uliobonyea kama bakuli, ili ukingo ulio mbali na taa ndio uitazame taa. Hiyo si fizikia kamili, lakini inaelekeza nuru mahali pake kwa gharama ndogo sana, na ndiyo maana injini za gemu huikubali.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa macho ya kahawia iliyokolea, macho ya wengi wetu. Mifano mingi ya kufundishia hutumia macho ya buluu au kijani, ambayo nyuzi zake za irisi zinaonekana waziwazi na ukingo wa mboni ni mkali. Irisi ya kahawia ina rangi nyingi katika tabaka la mbele, inameza nuru, na mpaka wake na mboni hauonekani kwa urahisi. Fundi akiona kazi yake ya kina haionekani, hushawishika kuipaka picha ya irisi rangi nyepesi zaidi. Matokeo yake ni jicho linalowaka lenyewe hata mhusika akiwa gizani. Ningemshauri aiache irisi iwe nyeusi inavyostahili, kisha aongeze ile nuru iliyokusanywa na konea. Kwenye mwanga wa dirisha, nusu ya irisi iliyo mbali na dirisha itatoa rangi ya asali iliyoungua, na nusu nyingine itabaki karibu na weusi. Hivyo ndivyo jicho la kahawia linavyojionyesha. Weupe wa jicho nao usiwe mweupe kabisa. Kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi una madoa ya kahawia hafifu karibu na irisi, na kuyafuta ni kumvisha mhusika macho ya mtu mwingine.

Sasa turudi nje, kwenye unyevu. Uso wa jicho umefunikwa na utando wa machozi. Ukilitazama jicho moja kwa moja, utando huo unarudisha takribani asilimia 2 tu ya nuru, na kiasi hicho kinapanda kwa kasi kadiri unavyotazama kwa ubavu. Asilimia 2 ni kidogo, lakini dirisha la mchana linang'aa mara nyingi kuliko irisi iliyo kivulini, kwa hiyo taswira yake inaonekana wazi. Natumia neno taswira kwa makusudi. Nukta nyeupe iliyobandikwa haitoshi kwenye picha ya karibu. Konea inapaswa kuonyesha umbo la dirisha lenyewe, fremu zake, hata bega la anayesimama mbele yake. Juu ya konea taswira hiyo iwe kali na laini. Juu ya weupe ivunjike kidogo, kwa sababu hapo uso una mishipa na mikunjo midogo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusahau kwamba kope huziba taswira. Kope la juu na nywele zake hukata sehemu ya juu ya mng'ao na kutupa kivuli laini kwenye weupe ulio chini yake. Bila kivuli hicho mhusika anaonekana ameshtuka hata kama ametulia. Sehemu nyingine inayosahaulika ni mstari wa machozi unaokaa juu ya ukingo wa kope la chini, chini ya nusu milimita kwa kimo. Hutengenezwa kama utepe mwembamba wa pekee, uliopinda kutoka kwenye kope hadi kwenye tufe. Uzime utepe huo na jicho litaonekana limechomekwa usoni. Uwashe tena, na mng'ao mwembamba unaounganisha nyama na tufe unarudi.

Kwenye GDC ya mwaka 2013 huko San Francisco, Jorge Jimenez na Javier von der Pahlen wa Activision walionyesha kwamba mambo ya namna hii yanawezekana kwenye picha inayochorwa papo kwa papo. Mwaka uliofuata, Pascal Bérard na wenzake wa maabara ya Disney mjini Zurich walipima macho ya watu halisi wakaonyesha kwamba tufe si duara kamili na kwamba kila mtu ana umbo lake.

Njia ya mistari mitatu ina mipaka. Inadhani irisi ni bapa, kwa hiyo kamera ikifika ubavuni kabisa, ambapo kutuna kwa konea kunaonekana kwa umbo lake, lazima kuwe na konea halisi ya pili iliyochongwa. Ukitumia programu inayofuata miale yote, kama Cycles ya Blender, unakutana na tatizo jipya: konea ya kioo inatupa kivuli cheusi juu ya irisi, kwa sababu kompyuta inashindwa kuipata njia ya taa kupitia kioo kilichopinda. Tangu Blender 3.2 ya mwaka 2022 kuna chaguo la Shadow Caustics kwa kazi hiyo. Taa huwekewa alama kuwa mtoaji, konea kuwa mpitishaji na irisi kuwa mpokeaji, na ule mwezi wa nuru unajitokeza wenyewe chini kulia, bila bakuli la kuigiza.